LTFT ni +22 gari likiwa sailensa, inashuka hadi +6 nikikanyaga mafuta: ninunue sensa ya oksijeni au nitafute hewa ya pembeni?

Uyole_Juu (#1)
Heshima kwenu wakuu. Nina Toyota Premio ya mwaka 2007 yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo tangu wiki tatu zilizopita inawasha taa ya cheki injini. Nimeunganisha kile kifaa kidogo cha ELM327 na simu, nikakuta kodi moja tu, P0171, ya mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko mafuta. Kabla ya kuifuta nilisoma kumbukumbu ya hali ya injini wakati kodi ilipojiandika: mizunguko 704, joto la maji nyuzi 88, na mwendo sifuri, maana yake gari lilikuwa sailensa, limesimama likinguruma. Injini ikiwa ya moto nimesoma hivi asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza, LTFT ikiwa ya muda mrefu na STFT ya muda mfupi:

```
Sailensa  : LTFT +21.9   STFT +3.9
RPM 2500  : LTFT  +6.3   STFT +0.8
```

Fundi wangu hakutazama namba hizi. Amesema nilete shilingi 180,000 abadilishe sensa ya oksijeni ya juu, kwa sababu kodi ya namna hii "siku zote ni sensa". Mimi nimesoma mahali kwamba LTFT kubwa ya chanya ni dalili ya injini kuvuta hewa ya pembeni. Gari halikosi nguvu, halizimi, na sailensa yake imetulia kabisa. Je, nimwamini fundi au nizitazame namba?

Baba Neema (#2)
Ndugu, fundi wako hajakosea. Corolla yangu iliwasha P0171, nikabadilisha sensa, na taa haijarudi hadi leo, mwaka wa pili huu. Sensa ikizeeka huiambia kompyuta kwamba hewa ni nyingi wakati si kweli, kompyuta nayo inaendelea kuongeza mafuta hadi kikomo. Sensa ndiyo inayotoa taarifa, kwa hiyo taarifa ikiwa mbaya anza na mtoa taarifa.

Spana Kumi na Mbili (#3)
Baba Neema, unavyoeleza sensa inavyoweza kudanganya ni sahihi, lakini sensa hiyo moja hupima moshi uleule gari likiwa limesimama na likiwa mizunguko 2500. Sensa iliyochoka kwa kawaida hudanganya kote kwa kiasi kinachokaribiana. Namba za mwenye uzi hazifanyi hivyo: jumla yake ni 25.8 sailensa na 7.1 akikanyaga mafuta. Kitu kinachoathiri sana injini inapopumua kidogo na kuathiri kidogo inapopumua sana ndicho tunachopaswa kukitafuta.

Ufa kwenye mpira unaoingia manifoldi una tabia hiyohiyo. Mvuto ndani ya manifoldi ni mkubwa sailensa, na unabaki mkubwa hata ukishikilia mizunguko 2500 gari likiwa limesimama, kwa hiyo ufa huo huingiza karibu kiasi kilekile cha hewa katika hali zote mbili. Kinachobadilika ni hewa halali inayopita kwenye MAF, sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Hewa ya wizi haibadiliki sana, bali ukubwa wake ukilinganishwa na hewa iliyopimwa ndio unaopungua.

Uyole_Juu, tusomee namba ya MAF katika hali zote mbili, tuifanyie hesabu badala ya kubishana.

Uyole_Juu (#4)
Asante mkuu. Nimepima sasa hivi, feni ya redieta ikiwa imeshazunguka mara mbili na kiyoyozi kimezimwa. Sailensa MAF inasoma gramu 2.1 kwa sekunde, na kwa mizunguko 2500 inasoma gramu 6.8.

Spana Kumi na Mbili (#5)
Vizuri. Sailensa kompyuta inajua hewa ya gramu 2.1 na inalazimika kuongeza mafuta kwa asilimia 25.8. Asilimia 25.8 ya 2.1 ni gramu 0.54, na hicho ndicho kiasi cha hewa kinachoingia bila kupita kwenye MAF, kama kweli ni hewa ya pembeni. Sasa chukua gramu 0.54 hizohizo uzigawe kwa 6.8. Unapata asilimia 8 hivi, na wewe umesoma 7.1. Hazilingani sawasawa, wala hazipaswi kulingana sawasawa, kwa sababu mvuto haubaki uleule kabisa na namba za STFT hazitulii, lakini zimekaribiana kiasi kwamba mimi nisingetoa shilingi 180,000 ya sensa kabla ya kukagua mipira yote.

Sailensa kutulia kusikudanganye. Injini hii throtoli yake inafunguliwa kwa umeme, hivyo kompyuta ikiona mizunguko inapanda huifunga kidogo hadi mizunguko irudi mahali pake. Magari ya zamani yenye throtoli ya waya yalikuwa yakipandisha sailensa na kila mtu akasikia kwa masikio. La kwako linaficha.

Kisima_cha_Dizeli (#6)
Wakuu, kwa nini hakuna anayetaja mafuta yaliyochakachuliwa? Petroli ikichanganywa na mafuta ya taa, uchomaji unaharibika na kompyuta inachanganyikiwa. Nimeona gari tatu zilizowasha taa baada ya kujaza kituo kimoja. Mwenye uzi ajaze kituo kingine, amalize tangi, kisha apime upya kabla ya kufungua chochote.

Spana Kumi na Mbili (#7)
Kujaza kwingine hakuna hasara, afanye. Hata hivyo petroli iliyomo kwenye nozeli sailensa ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye mizunguko 2500. Mafuta mabaya yangeweza kusogeza namba, lakini yangezisogeza zote pamoja. Hayaelezi pengo la asilimia 25 na 7.

Mtaa wa Kirinyaga (#8)
Salamu kutoka Nairobi. Nakubaliana na hoja nyingi hapa ila hii ya hewa ya pembeni inanitatiza. Mimi nina Honda Fit ya toleo la kwanza. Mpira wa breki unaotoka kwenye manifoldi ulichomoka, sailensa ikapanda hadi mizunguko karibu 1500, na nilipounganisha mashine LTFT ilikuwa +2. Ikiwa nadharia yenu ni kweli, mbona gari langu lilivuta hewa kwa tundu zima la mpira na LTFT haikusogea?

Mwalimu Rehema (#9)
Ndugu wa Kirinyaga, umeleta jambo zuri, ingawa gari lako na la mwenye uzi hayahesabu hewa kwa njia moja. Fit ya toleo la kwanza haina MAF. Inapima msukumo wa hewa ndani ya manifoldi kwa sensa ya MAP, na kutokana na msukumo, mizunguko na joto la hewa inakadiria hewa iliyoingia. Mpira ukichomoka, msukumo ndani ya manifoldi unapanda, MAP inauona, na kompyuta inaongeza mafuta pale pale katika hesabu yake ya kwanza. Hewa ile imeingia kwa mlango usio wake lakini imehesabiwa, ndiyo maana mizunguko ilipanda na LTFT ikabaki chini.

Kwa hiyo kanuni ya "LTFT kubwa ni hewa ya pembeni" inafaa zaidi kwa magari ya MAF. Nafundisha ufundi wa magari, na kosa hili nalirekebisha kila muhula: mwanafunzi anakariri kanuni kutoka gari moja na kuipeleka kwenye gari jingine.

Spana, hesabu yako nimeipenda, lakini nina pingamizi. Tundu dogo kwenye ekzosi, kabla ya sensa ya juu, hutoa mchoro uleule. Sailensa moshi unatoka kwa mapigo yaliyoachana, na katikati ya mapigo ekzosi inavuta hewa ya nje kupitia tundu hilo. Sensa inaona oksijeni, kompyuta inaongeza mafuta. Ukikanyaga mafuta, moshi unajaa na hewa ya nje haipati nafasi ya kuingia kwa wingi. Hapo hesabu ya gramu 0.54 itatoka vizuri na jibu litakuwa si sahihi.

Spana Kumi na Mbili (#10)
Mwalimu, hilo nalipokea. Ungezitenganishaje mbili hizo bila mashine ya moshi?

Mwalimu Rehema (#11)
Kwa kuuliza kama injini kweli ina upungufu wa mafuta au inasingiziwa. Kama hewa inaingia kwenye manifoldi, nyongeza ya mafuta inarudisha mchanganyiko mahali pake, na plagi zitakuwa na rangi ya kawaida ya hudhurungi. Kama hewa inaingia kwenye ekzosi, mafuta yanaongezwa juu ya mchanganyiko uliokuwa sawa, kwa hiyo plagi zitakuwa na masizi meusi, moshi utanuka petroli na gari litakunywa mafuta zaidi. Pia asubuhi injini ikiwa baridi, tundu la ekzosi husikika kama mlio wa "tki tki tki" unaopungua chuma kikitanuka.

Jambo la pili, usiangalie LTFT unapofanya majaribio ya mipira. LTFT inajifunza polepole. Tazama STFT, kwa sababu hiyo hujibu ndani ya sekunde chache. Gari likiwa sailensa, bana mpira mmoja baada ya mwingine kwa koleo ulilolifunga kitambaa mdomoni, na uone ni mpira upi unaofanya STFT ianguke. Usipulizie kisafisha kabureta juu ya injini ya moto kama wengi wanavyofanya, kwa sababu nimeshuhudia moto ukishika kwenye ekzosi. Ukitaka kupulizia kitu, tumia maji kwenye chupa ya kunyunyizia.

Baba Neema (#12)
Mwalimu, basi gari langu lilikuwaje? Sensa ilibadilishwa na taa ikazima. Hilo sikulisoma mahali, nimeliishi.

Mwalimu Rehema (#13)
Kaka, huenda sensa yako ilikuwa mbovu kweli, sipingi. Ila naomba ukumbuke: wakati wa kubadilisha, fundi alifungua terminali ya betri?

Baba Neema (#14)
Alifungua. Na sasa unavyouliza, nakumbuka alitoa pia mpira mkubwa wa eya klina ili mkono upite, akaurudisha na klipu mpya.

Spana Kumi na Mbili (#15)
Hapo ndipo hatutajua kamwe. Betri ikifunguliwa, LTFT inarudi sifuri na taa inazimika hata kama hakuna kilichotengenezwa, kisha P0171 inahitaji tatizo lionekane katika safari mbili kabla ya kuwasha taa tena. Kwa kuwa taa yako haijarudi mwaka wa pili, kuna kitu kilipona kweli. Inaweza kuwa sensa, na inaweza kuwa ule mpira wa eya klina uliokuwa umelegea baada ya MAF.

Uyole_Juu (#16)
Wakuu, nimefanya kazi leo asubuhi na ninaleta majibu.

Injini ikiwa baridi nilisikiliza ekzosi kwa kipande cha mpira sikioni, sikusikia mlio wowote. Plagi nilizitoa zote nne, ni hudhurungi, hazina masizi. Kisha nilisubiri injini ipate moto, nikaweka simu juu ya betri ili niione STFT. Nilinyunyizia maji kwenye maungio ya manifoldi na silinda hedi, hakuna kilichobadilika. Nilibana mpira wa haidrovaki ya breki, namba ikabaki +3 hadi +5. Nilibana mpira mwembamba unaokwenda kwenye valvu ya mvuke wa tangi, hakuna badiliko.

Halafu nikabana mpira mfupi wa PCV, ule unaotoka kwenye kifuniko cha valvu kwenda manifoldi. Namba ilianza kushuka mbele ya macho yangu: +3, sifuri, −5, −9, ikatua −14. Nikauachia, ikarudi +4. Nimerudia mara tatu, majibu ni yaleyale. Je, nimempata mwizi?

Mtaa wa Kirinyaga (#17)
Umempata. Nunua mpira, funga kazi.

Mwalimu Rehema (#18)
Subiri kidogo. Umepata njia anayopitia, hujapata mlango wake. Injini ikiwa nzima, hewa inayopita kwenye PCV imeshapimwa, kwa sababu inaingia kwenye kifuniko cha valvu kupitia mpira wa pili unaotoka baada ya MAF. Ukiubana mpira wa PCV kwenye injini nzima, STFT haitaanguka kiasi hicho. Kuanguka kwake kunamaanisha kwamba hewa isiyopimwa inaingia upande ule. Inaweza kuwa mpira wenyewe una ufa. Inaweza pia kuwa hewa inaingia kwenye tumbo la injini kupitia kifuniko cha kujazia oili, mpira wa kijiti cha kupimia oili, au gasketi ya kifuniko cha valvu, kisha inanyonywa na PCV. Uking'oa mpira huo uukunje kwa vidole, hasa upande wa chini usioonekana.

Uyole_Juu (#19)
Mwalimu, nimeung'oa. Kwa juu ulikuwa mzima na unang'aa. Nilipoukunja pale kwenye kona, upande wa chini ulifunguka ufa wenye urefu wa ukucha wa kidole gumba, na ndani yake mpira umelainika kwa oili hadi unavutika kama ubani uliotafunwa. Ukiachia, ufa unajifunga na huwezi kuuona. Ndiyo maana maji hayakunisaidia, kwa kuwa yalitiririka juu na hayakufika chini. Kwenye maduka ya spea nimeupata mpira wa kona uleule kwa shilingi 15,000, nimeufunga na klipu zake, kisha nimefuta kodi.

Kisima_cha_Dizeli (#20)
Usishangilie mapema. Ukifuta kodi, LTFT inaanzia sifuri. Endesha siku tatu ndipo utuletee namba.

Spana Kumi na Mbili (#21)
Hapo umenena vema mkuu, na ningependa apime akiwa katika hali zilezile: injini ya moto, kiyoyozi kimezimwa.

Uyole_Juu (#22)
Siku nne zimepita, nimeendesha mjini na kwenda Tukuyu na kurudi. Taa haijawaka. Namba ni hizi:

```
Sailensa  : LTFT +7.8   STFT +0.8
RPM 2500  : LTFT +6.3   STFT +0.8
```

Sailensa imeshuka kutoka jumla ya 25.8 hadi 8.6, namshukuru kila aliyechangia. Kinachonishangaza ni kwamba ya mizunguko 2500 haikushuka hata kidogo. Kulingana na hesabu ya gramu 0.54 ilipaswa kukaribia sifuri.

Spana Kumi na Mbili (#23)
Uko sahihi kuuliza, na hesabu yangu haikuona jambo hili. Nilidhani asilimia 7 yote ya juu ilitokana na ufa. Sasa inaonekana kulikuwa na mambo mawili. Lile lililobaki linakaribia kulingana sailensa na mizunguko 2500, na hiyo si sura ya hewa ya pembeni. Nadhani MAF yako ina vumbi kwenye waya wake, inasoma pungufu kwa asilimia chache kila mahali. Ufa wenyewe pengine ulikuwa ukijifunga kidogo mvuto ulipobadilika, sina njia ya kuthibitisha. Nunua kisafisha MAF chenyewe, usitumie cha breki, pulizia bila kugusa waya, acha ikauke.

Mwalimu Rehema (#24)
Inaweza kuwa MAF, lakini dalili hiyohiyo hutolewa na mafuta pungufu. Injini hii inahitaji msukumo wa mafuta wa karibu psi 44 hadi 50, na chujio la pampu lililoziba hushusha msukumo. Ili kutofautisha, soma LTFT ukipanda mlima kwa mwendo wa wastani, bila kukanyaga hadi mwisho, kwa sababu ukikanyaga hadi mwisho kompyuta huacha kuisikiliza sensa. Pampu dhaifu huonyesha namba zinazopanda kadiri mzigo unavyoongezeka. Wewe uko Mbeya, milima hujakosa. Ila MAF chafu nayo mara nyingi hupanda kwa mzigo, kwa hiyo mlima peke yake hautakata shauri bila geji ya msukumo wa mafuta.

Kisima_cha_Dizeli (#25)
Nami nakumbusha kwamba Spana alisema mafuta mabaya yangesogeza namba zote pamoja. Sasa zote ziko juu pamoja. Hoja yangu haijafa.

Spana Kumi na Mbili (#26)
Haijafa, nakubali. Imerudi kwa haki.

Baba Neema (#27)
Na sensa iliyochoka je? Mwanzoni uliniambia hudanganya kote kwa kiasi kinachokaribiana. Ndiyo sura tunayoiona sasa.

Mwalimu Rehema (#28)
Nayo imo, kaka. Lakini jumla ya 7 au 8 kwa gari la mwaka 2007 bado iko ndani ya asilimia 10 ambazo mafundi wengi hawazihangaikii, na kodi haiwezi kuwaka kwa kiasi hicho. Ningeanza na kisafisha MAF kwa kuwa ni rahisi, nikaacha sensa iwe ya mwisho.

Uyole_Juu (#29)
Nimeelewa. Jumamosi nasafisha MAF, kisha napanda Kawetire na abiria mmoja wa kunisomea simu. Kuna rafiki mwenye geji ya msukumo wa mafuta, nikiipata nitaleta namba zote mbili hapahapa.

Mgeni wa Limuru (#30)
Samahani kwa kuingilia. Gari langu ni Corolla ya 1ZZ-FE, na P0171 inawaka asubuhi za baridi tu, saa sita mchana LTFT iko +4. Nimebana mipira yote ikiwa moto, hakuna kilichobadilika. Nifungue uzi mwingine?

Spana Kumi na Mbili (#31)
Baki hapahapa. Majaribio yako uliyafanya wakati mwizi ameshaondoka. Rudia asubuhi kabla injini haijapata moto, subiri hadi STFT ianze kucheza, kisha nyunyizia maji kwenye maungio ya manifoldi ya plastiki na silinda hedi. Kwenye injini hiyo gasketi ya manifoldi hukakamaa, ikasinyaa kwenye baridi na kuziba tena ikipata joto. Tuletee namba za saa moja asubuhi.